Makengeza ya mtoto: neno nililomwambia Mama Rama (sehemu ya 4)

Leo zamu ya makengeza, kama nilivyoahidi. Hii posti nimeichelewesha kwa sababu ndani yake kuna kosa langu mwenyewe. Ila Mama Rama amenipa ruhusa: "Dada nesi, andika tu, lakini majina badilisha." Basi majina nimebadilisha, yaliyobaki ni kama yalivyotokea.

Miaka kama 8 iliyopita nilikuwa zamu ya kliniki ya watoto, kwenye mzani. Rama alikuwa na miaka 2 na nusu. Mama yake aliponipa kadi akaniambia, "Nesi, huyu jicho lake la kulia kuna wakati linakimbilia puani. Siyo muda wote. Akiangalia kitu cha karibu, au akiwa na usingizi." Foleni ilikuwa imefika nje. Nikamwinua Rama kidevu, nikamtazama. Macho yalikuwa yamenyooka sawasawa. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, bado mdogo. Atakua, itaisha." Nikaita mwingine.

Mwaka jana Mama Rama akanitafuta wodini. Rama alikuwa na miaka 9, darasa la tatu. Walikuja watu kupima macho shuleni kwao. Wakamziba jicho la kulia, akasoma mistari yote bila shida. Wakamziba la kushoto, akaanza kugeuza shingo na kuuliza ubao uko wapi. Walimu wakadhani anafanya mchezo. Hakuwa anafanya mchezo. Jicho la kulia lilikuwa 6/60, maana yake kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mbali mita 60, jicho lile mpaka akisogelee mita 6.

Mama Rama hakuja kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuja kwa sababu mkononi alikuwa amemshika mdogo wake Rama, Zai, miaka 3 na nusu. Akasema, "Dada, na huyu ameanza."

Watoto wawili, mama mmoja, tatizo lilelile. Ngoja niwaeleze yaliyotokea kwa kila mmoja, ndiyo mtaelewa kwa nini siku hizi simwambii mama yeyote asubiri.

Kwa nini jicho lipofuke wakati halina kidonda?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaona makengeza ni suala la sura. Wengine wanasema ni urembo, wengine wanasema amerithi kwa babu yake, wamwache. Lakini shida kubwa ya makengeza ya mtoto haiko usoni, iko kwenye ubongo.

Kila jicho linatuma picha yake kwenye ubongo, na ubongo unaziunganisha kuwa picha moja. Jicho moja likipinda, macho yanatuma picha mbili zisizofanana. Mtu mzima akipata makengeza ghafla anaanza kuona vitu viwili viwili, na anakuja hospitali mbio. Mtoto mdogo ubongo wake unafanya ujanja. Ni kama watu wawili wanakuelekeza njia kwa wakati mmoja, huyu anasema kata kulia, yule anasema kushoto. Unaamua kumsikiliza mmoja, mwingine unampuuza. Ubongo wa mtoto unalipuuza jicho lililopinda.

Sasa, uwezo wa kuona haukamiliki siku mtoto anazaliwa. Unajengwa kwa kutumika, miaka ile ya mwanzo. Kijinjia cha shambani kisipopitwa na watu kinaota nyasi mpaka unasahau kilikuwepo. Jicho lisilotumiwa na ubongo nalo hivyohivyo. Ukilitazama ni zima, halina ukungu, haliumi, haliwi jekundu, lakini halioni vizuri. Wataalamu wanaliita jicho vivu.

Na mtoto hasemi. Atasemaje? Hajui kwamba watu wengine wanaona kwa macho mawili. Rama alicheza mpira, alisoma, alinakili ubaoni, yote kwa jicho la kushoto. Pale kwao hakuna aliyeshuku.

Nyasi hizo zinaweza kufyekwa, lakini muda una mipaka yake. Matibabu yanashika vizuri zaidi kabla mtoto hajafika miaka 7 au 8, na kadiri anavyokuwa mdogo ndivyo jicho linavyorudi upesi. Baada ya hapo siyo kwamba mlango umefungwa kabisa, ila kinachopatikana ni kidogo na kwa kazi kubwa. Kwa hiyo neno "atakua, itaisha" linakula ile miaka ambayo mtoto anaihitaji.

Utajuaje?

Tuanze na kichanga, nisije nikawatia hofu bure. Mtoto mchanga macho yake hayajajua kwenda pamoja. Miezi 3 hadi 4 ya mwanzo yanaweza kucheza, mara yanakutana puani, mara moja linatoroka, kisha yanarudi. Hiyo ni kawaida. Isiyo kawaida ni jicho lililopinda muda wote bila kurudi, hata kama mtoto ana wiki chache tu. Na akishavuka miezi 4, kupinda kokote kunakojirudia kunahitaji kuonwa, hata kama ni kwa dakika chache kwa siku.

Wapo pia watoto wanaoonekana wana makengeza kumbe hawana. Mtoto mwenye pua bapa katikati ya macho, au ngozi inayofunika kona ya ndani ya jicho, ule weupe wa upande wa puani hauonekani vizuri, basi unadhani jicho limeingia ndani. Pua ikiinuka, sura inabadilika. Hawa ndio waliotufundisha ule usemi wa "itaisha", kwa sababu kwao inaisha kweli. Lakini makengeza halisi yaliyokwisha kutulia hayaishi yenyewe.

Kuwatofautisha, siku ile na Zai nilifanya hivi, na wewe unaweza kufanya nyumbani. Nilimkalisha mapajani kwa mama yake, nikawasha tochi ya simu na kuifunika kwa kitambaa chepesi ili isimchome macho. Nikakaa mbali kiasi cha urefu wa mkono, nikamwambia aangalie taa. Kwenye kila jicho utaona kinukta cheupe cha mwanga. Kama vinukta viwili vimekaa mahali pamoja, mfano vyote katikati ya mboni, macho yamenyooka. Kwa Zai, cha jicho la kushoto kilikuwa katikati. Cha kulia kilikuwa kimesogea upande wa sikio. Kinukta kikikimbilia upande wa sikio, jicho limeingia ndani. Kikikimbilia upande wa pua, jicho limetoka nje.

Halafu nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Jicho la kulia likaruka kidogo likaja katikati kuitafuta taa. Hiyo ni dalili ya pili, lilikuwa halitazami. Na Zai akaanza kunisukuma mkono na kulia. Nilipofunika la kulia, alitulia tu akacheka. Mama, hii ishara ishike sana: mtoto anayekataa kufunikwa jicho moja lakini halalamiki ukimfunika la pili, anakwambia kwa njia yake kwamba lile la pili halimsaidii.

Lakini kipimo cha tochi kina udhaifu, na ndiko nilikokosea kwa Rama. Makengeza mengi mwanzoni huja na kuondoka. Yanatokea mtoto akichoka, akiwa na homa, akikaribia kulala, akitazama picha kwenye kitabu. Ukimpima saa 3 asubuhi akiwa mchangamfu, utakuta macho yamenyooka kabisa. Kwa hiyo tochi ikionyesha tatizo, amini. Isipoonyesha, lakini wewe umeliona jicho likipinda nyumbani, amini macho yako. Mrekodi kwenye simu siku likitokea, nenda na hiyo video. Mhudumu akiwa na haraka kama nilivyokuwa mimi, mwonyeshe.

Makengeza ya kutoka nje yana tabia yake kidogo. Mara nyingi yanaonekana mtoto akitazama mbali au akiwa amezubaa, siyo akiangalia kitu cha karibu. Na mtoto huyo akitoka juani hufumba jicho moja. Watu wanadhani ni jua tu.

Hapa naomba msimame kidogo. Kama ndani ya mboni unaona weupe, au kwenye picha ya simu yenye flashi jicho moja linang'aa jeupe wakati jingine ni jekundu au jeusi, usisubiri hata wiki. Hiyo inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo kwa watoto wadogo wakati mwingine inaanza kwa makengeza tu. Ikiwahiwa, maisha ya mtoto yanaokolewa. Hii nayo ni sababu ya kila mtoto mwenye makengeza kuangaliwa ndani ya jicho na mtaalamu. Tochi yangu mimi na wewe haioni huko.

Walichofanyiwa

Niliwaandikia rufaa wote wawili kwenda kwa daktari wa macho wa watoto. Hapa kwetu Tanzania huduma hiyo ipo hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT kwa Dar es Salaam, na KCMC kule Moshi. Ukiwa mbali, anzia kwa mtaalamu wa macho wa hospitali ya wilaya au mkoa, atakuelekeza.

Kwanza waliwekewa matone ya kupanua mboni. Mama Rama alinipigia simu jioni yake amechanganyikiwa, Zai anakimbia mwanga na hataki kuangalia kitabu. Nikamtuliza. Matone yale yanalegeza msuli wa ndani ya jicho ili mtaalamu apime namba halisi ya miwani bila mtoto kujibu swali lolote. Uoni wa karibu unakuwa na ukungu, mara nyingi kwa siku moja hivi. Yakitumika yale makali zaidi, yanaweza kuchukua wiki moja hadi mbili. Mvalishe kofia, basi.

Majibu yakaja: wote wawili wana shida ya kuona karibu, Zai namba yake ni jumlisha 5. Sikiliza jinsi inavyoleta makengeza. Jicho likitaka kuona kitu cha karibu, linajikaza, na likijikaza macho yote mawili yanaelekea puani. Hata wewe jaribu kutazama ncha ya kidole ukikileta karibu. Mtoto mwenye namba kubwa ya jumlisha anajikaza kupita kiasi ili aone, basi jicho moja linapitiliza ndani. Aina hii mara nyingi inaanza kati ya miaka 2 na 3, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Kama mtoto wako mkubwa anayo, wadogo zake wapeleke wakapimwe bila kusubiri dalili.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ya Zai haikuwa upasuaji, ilikuwa miwani. Bibi yao alikuja juu: "Katoto ka miaka mitatu miwani ya nini, mnataka kumzeesha?" Lakini siku Zai alipovaa, jicho lilinyooka mbele ya bibi mwenyewe. Akanyamaza.

Wiki ya pili simu nyingine: "Dada, miwani imemharibu mwanangu. Akiivua, jicho linapinda kuliko zamani." Hili linawafanya akina mama wengi waifiche miwani kabatini, naomba msifanye. Miwani haijamharibu. Imempumzisha, na akiivua anarudi kujikaza, na sasa wewe umezoea kuliona jicho likiwa limenyooka. Inavaliwa tangu anaamka mpaka anapolala. Ikivaliwa shuleni au wakati wa picha tu, haifanyi kazi.

Baada ya miezi 3 ya miwani, jicho la kulia la Zai lilikuwa 6/24. Zuri kuliko mwanzo, lakini bado vivu. Ndipo akaanzishiwa kiraka. Wengi wanadhani kiraka kinawekwa kwenye jicho bovu. Hapana, kinazibwa jicho zima, ili ubongo ulazimike kulitumia lile vivu. Zai alipangiwa saa 2 kwa siku. Uvivu ukiwa mkubwa daktari anaweza kupanga hadi saa 6. Kinabandikwa juu ya ngozi, siyo juu ya kioo cha miwani, maana mtoto ni mjanja, atachungulia pembeni.

Siku nne za kwanza zilikuwa vilio. Mama Rama akabuni: kiraka kinavaliwa saa ya katuni na ya kuchagua mchele. Zai anapewa sinia ndogo, anatoa mawe na chuya. Kazi ya macho na mikono kama hiyo ndiyo inayofaa, jicho vivu linafanya mazoezi. Mtoto akigoma kabisa, mwambie daktari, yapo matone ya kuweka ukungu kwenye jicho zima badala ya kiraka. Usiongeze saa mwenyewe kwa kutaka haraka. Jicho zima likizibwa kupita kiasi nalo linaweza kulegea, ndiyo maana tarehe za kurudi kliniki hazirukwi.

Leo Zai ana miaka 5. Jicho la kulia limefika 6/9. Miwani bado anavaa, na ataendelea nayo.

Na Rama?

Rama alifanya yote hayohayo. Miwani, kiraka saa 6 kila siku akitoka shule, mwaka mzima. Hakuwa anatania, maana alikuwa mkubwa na alielewa kinachopiganiwa. Jicho limetoka 6/60 likafika 6/36, hapo likasimama.

Jicho lake bado linapinda hata akiwa na miwani, na daktari ameshaongea nao kuhusu upasuaji. Watu wanaogopa wakisikia neno hilo, wanadhani jicho linang'olewa. Haling'olewi. Daktari anarekebisha misuli ya nje inayolivuta jicho, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Jicho linakuwa jekundu wiki chache, kisha linatulia. Sura ya Rama itanyooka, na kwa mvulana wa miaka 10 anayeitwa majina shuleni hilo siyo jambo dogo. Lakini upasuaji unanyoosha jicho, hauliamshi. Kuona kwake kutabaki palepale.

Kinachobaki ni kulilinda jicho la kushoto. Daktari alimwambia mama yake avae miwani yenye vioo vya plastiki imara hata kama ya kuonea angeichoka, na michezo ya manati na fimbo iishe. Jicho hilo moja ndilo analotegemea.

Nilimwomba Mama Rama msamaha. Akaniambia, "Hukujua, dada." Ukweli ni kwamba nilijua kidogo, na nilikuwa na foleni. Siku hizi nikiwa kwenye mzani na mama akaniambia jicho la mwanawe linapinda, sitafuti kuliona kwanza mimi. Namuuliza limeanza lini, linapinda wakati gani, naandika rufaa.

Kwa hiyo mama, kama wewe ndiye uliyesimama mbele ya nesi mwenye haraka, akakwambia atakua itaisha, mwambie hivi: "Sawa dada, lakini naomba uniandikie nikaonwe na mtu wa macho." Ni haki yako, na hakuna nesi wa kweli atakayekukatalia.

Sehemu ya 5 tutaongelea matongotongo na machozi ya kichanga yasiyokauka. Mwenye swali la makengeza aniulize, nikitoka zamu nitajibu.